Visanduku Vinne, Namba Mbili

Mpwa wangu anasomea utabibu, yuko mwaka wa pili. Jumapili moja alikuja kunisalimu, na chai ilipokwisha akatoa kwenye begi karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa muhtasari wa utafiti wa dawa za malaria kali kwa watoto, na mistari miwili ameipigia wino mwekundu.

"Mjomba," akasema, "hapa wameandika 0.75. Maana yake dawa mpya imepunguza vifo kwa asilimia 25. Halafu palepale wanasema imepunguza kwa asilimia 22.5. Nishike ipi?"

Nilimwambia kwamba namba zote mbili zilizochapwa ni sahihi. Ile asilimia 25 ndiyo haikuandikwa na mtu yeyote; ameitengeneza yeye kichwani, kama wanavyoitengeneza wasomaji wengi, wakiwemo madaktari na waandishi wa habari. Tukachukua kalamu tukachora jedwali. Naandika hapa tuliyoyafanya mezani siku ile, kwa kuwa kosa lake ni la kila siku na dawa yake ni hesabu ya darasa la saba.

Utafiti wenyewe unaitwa AQUAMAT. Ulianza Oktoba 2005 ukamalizika Julai 2010, katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliohusika ni watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali, ile inayoleta degedege, kupoteza fahamu na upungufu mkubwa wa damu. Kwa kura, nusu yao walipewa kwinini, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi, na nusu wakapewa sindano ya artesuneti. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Katika watoto 2,712 waliopata artesuneti walikufa 230. Katika 2,713 waliopata kwinini walikufa 297.

Namba hizo nne zinatosha. Waliobaki hai unawapata kwa kutoa tu:

| | Walikufa | Walinusurika | Jumla |
|---|---|---|---|
| Artesuneti | 230 | 2,482 | 2,712 |
| Kwinini | 297 | 2,416 | 2,713 |

Hili ndilo jedwali la mbili kwa mbili: makundi mawili yamelala, matokeo mawili yamesimama, na katikati visanduku vinne. Jumla iko pembeni, haihesabiwi kuwa kisanduku.

Swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza ni hili: mtoto akipewa dawa hii, ana hatari gani ya kufa? Unachukua waliokufa, unawagawa kwa wote waliopewa dawa hiyo. Kwa artesuneti ni 230 gawanya kwa 2,712, unapata 0.085, yaani watoto wanane na nusu katika kila mia. Kwa kwinini ni 297 gawanya kwa 2,713, unapata 0.109, karibu watoto kumi na mmoja katika kila mia. Hizo ndizo hatari mbili. Ukiigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 0.77. Huo ndio uwiano wa hatari, na husomeka hivi: waliopewa artesuneti walikuwa na asilimia 77 ya hatari ya kufa waliyokuwa nayo wenzao wa kwinini. Kutoka 100 kushuka hadi 77.5 ni pungufu ya 22.5. Hiyo ndiyo asilimia 22.5 iliyokuwa kwenye karatasi ya mpwa wangu.

Nilimwona anataka kufanya kosa moja ambalo nimeliona kwa wengine pia. Alijumlisha waliokufa wote, 527, kisha akagawa 230 kwa 527, akapata asilimia 44, akaniambia, "Hatari ya artesuneti ni asilimia 44." Hapana. Hiyo inajibu swali jingine: kati ya watoto waliokufa, wangapi walikuwa wamepewa artesuneti? Hatari hugawiwa kwa watu wote wa kundi, wazima na waliokufa, na kundi hapa ni wale waliopewa dawa fulani. Ukitaka kujua kama umegawa sawasawa, isome hesabu yako kwa sauti: "kati ya waliopewa artesuneti, waliokufa ni..." Kama sentensi yako inaanza na "kati ya waliokufa", umeshika njia ya kinyume.

Sasa ile 0.75. Hapa ndipo inapoingia namba ya pili, ambayo vijana wa mikeka wanaijua kwa jina la odi. Namba wanayoiona kwenye mkeka ni ya malipo, na imepangwa kwa namna yake, kwa hiyo waiweke pembeni kidogo. Odi ya wanatakwimu ni kulinganisha pande mbili za tukio: waliopatwa nalo dhidi ya wasiopatwa. Hugawi kwa wote. Unagawa kwa waliobaki. Kwa artesuneti ni 230 gawanya kwa 2,482, unapata 0.093, yaani kwa kila watoto mia walionusurika, tisa walikufa. Kwa kwinini ni 297 gawanya kwa 2,416, unapata 0.123, yaani kwa kila mia walionusurika, kumi na wawili walikufa. Gawanya odi ya kwanza kwa ya pili: 0.75. Huo ndio uwiano wa odi. Wapo wanaoufikia kwa mkato, wakizidisha visanduku kwa mshazari: 230 mara 2,416, kisha 297 mara 2,482, halafu wanagawa zao la kwanza kwa la pili. Jibu ni lilelile. (Watafiti wenyewe waliikokotoa kwa kuzingatia tofauti za kituo kimoja na kingine, nayo ikatoka 0.75 vilevile.)

Kwa hiyo 0.75 inasema kwamba odi ya kufa ilipungua kwa robo. Haisemi kwamba hatari ilipungua kwa robo. Mpwa wangu aliusoma uwiano wa odi kana kwamba ni uwiano wa hatari, na safari hii adhabu ilikuwa ndogo: alikosea kwa asilimia mbili na nusu tu.

Kwa nini ilikuwa ndogo? Tazama ulichogawia. Kwenye hatari uligawa kwa 2,712, kwenye odi ukagawa kwa 2,482. Namba hizo zimekaribiana kwa sababu waliokufa, kwa jinsi hesabu ilivyo, walikuwa wachache ukilinganisha na wote. Tukio likitokea kwa mtu mmoja katika mia, kugawa kwa 100 au kwa 99 ni karibu kitu kimoja. Likitokea kwa hamsini katika mia, hatari ni 0.5 na odi ni 1. Likitokea kwa tisini katika mia, hatari ni 0.9, lakini odi ni 90 kwa 10, yaani 9. Hatari ina dari, haiwezi kuvuka 1, maana watu hawawezi kufa zaidi ya wote waliopo. Odi haina dari. Ndiyo maana namba hizi mbili hutembea pamoja tukio likiwa adimu, kisha huachana njia tukio linapokuwa la kawaida, na uwiano wa odi siku zote hukaa mbali zaidi na 1 kuliko uwiano wa hatari. Ukiwa chini ya 1 unakuwa chini zaidi. Ukiwa juu unakuwa juu zaidi. Kwa maneno mengine, ukiusoma vibaya, kosa lako daima litakuwa la kukuza.

Kuona jinsi zinavyoachana hatuhitaji jedwali jingine. Tunaligeuza hilihili. Badala ya kuhesabu kufa, tuhesabu kunusurika. Kwa artesuneti walinusurika 2,482 kati ya 2,712, asilimia 91.5. Kwa kwinini walinusurika 2,416 kati ya 2,713, asilimia 89. (Neno "hatari" hapa linakwaza kidogo, maana hakuna anayesema "hatari ya kupona", tuseme uwezekano.) Gawanya 91.5 kwa 89, unapata 1.03. Uwezekano wa kunusurika uliongezeka kwa asilimia tatu hivi. Lakini odi ya kunusurika? Kwa artesuneti ni 2,482 kwa 230, karibu 10.8. Kwa kwinini ni 2,416 kwa 297, karibu 8.1. Uwiano wake ni 1.33.

Hapo nilimwomba mpwa wangu aandike kichwa cha habari kutokana na 1.33. Akaandika, bila kusita: "Artesuneti yaongeza uwezekano wa kunusurika kwa asilimia 33." Nikamwambia, haya, kati ya watoto 100 wa kwinini, 89 walinusurika. Ongeza asilimia 33 juu ya 89. Akazidisha, akanyamaza, akazidisha tena. Jibu ni 118. Watoto 118 wamenusurika katika watoto 100.

Kipimo hicho kidogo nakipenda kuliko kanuni zote za vitabuni. Ukipewa uwiano wowote unaodaiwa kuwa ni wa "uwezekano" au wa "mara ngapi", tafuta kiwango cha kundi la kulinganishia, kizidishe kwa uwiano huo, uone unafika wapi. Ukivuka mia kwa mia, una hakika kwamba ulichoshika ni odi. Usipovuka bado huna hakika, lakini kama tukio linawapata zaidi ya mtu mmoja katika kumi, ni vyema uwe na shaka.

Tazama pia kitu kingine jedwali lilipogeuka. Uwiano wa odi wa kufa ulikuwa 0.75 na wa kunusurika 1.33, gawa 1 kwa 1.33, unarudi kwenye 0.75. Ni namba ileile imepinduliwa. Uwiano wa hatari haufanyi hivyo: 0.77 kwa kufa, 1.03 kwa kunusurika, na moja huwezi kuipata kutoka kwa nyingine bila kurudi kwenye jedwali. Wanahisabati huipenda odi kwa utulivu huo. Mimi kama msomaji najifunza jambo jingine: anayetaka dawa ionekane kubwa atakupa pungufu la vifo la asilimia 22.5, anayetaka ionekane ndogo atakupa ongezeko la kunusurika la asilimia tatu, na wote wawili wamesema kweli. Ndiyo sababu siridhiki na uwiano wowote mpaka nione tofauti yenyewe, 10.9 kutoa 8.5. Katika kila watoto mia, artesuneti iliokoa wawili na nusu ambao kwinini isingewaokoa. Mtoto mmoja kwa kila arobaini na mmoja hivi wanaotibiwa.

Tukio likiwa la kawaida, makosa haya hayaishii mezani. Februari 1999 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Kevin Schulman. Madaktari 720 walioneshwa kwenye kompyuta video za waigizaji wanane, weusi na weupe, wanawake na wanaume, wote wakieleza maumivu ya kifua kwa maneno yaliyopangwa. Kila daktari aliulizwa kama angempeleka mgonjwa huyo apimwe mishipa ya moyo kwa kupitishwa mrija. Ripoti ikasema kwamba uwiano wa odi kwa wagonjwa weusi ukilinganisha na weupe ni 0.6, na kwa wanawake ukilinganisha na wanaume ni 0.6 pia.

Magazeti na televisheni za Marekani zikatangaza kwamba watu weusi na wanawake wana uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kupelekwa kwenye kipimo hicho. Mtu mweusi aliyesikia habari hiyo huku kifua kinamuuma angewaza nini? Lakini ndani ya makala yenyewe viwango vilikuwepo. Weupe walipelekwa asilimia 90.6, weusi asilimia 84.7. Tuwaweke madaktari elfu elfu, hesabu iwe nyepesi:

| | Angepelekwa | Asingepelekwa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mgonjwa mweusi | 847 | 153 | 1,000 |
| Mgonjwa mweupe | 906 | 94 | 1,000 |

Uwiano wa uwezekano ni 847 gawanya kwa 906, yaani 0.93. Pungufu ni asilimia saba, si arobaini. Odi ni 847 kwa 153, yaani 5.5, dhidi ya 906 kwa 94, yaani 9.6, uwiano wake ni 0.57, ndio wakaukadiria 0.6. Namba ya watafiti haikuwa ya uongo. Ni kwamba kupelekwa kipimo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, tisa katika kumi, na hapo odi na hatari ziko mbali mno.

Julai mwaka huohuo Lisa Schwartz, Steven Woloshin na Gilbert Welch waliandika katika jarida lilelile wakaonesha hesabu hii. Walionesha na jambo ambalo naliona ni zito zaidi. Ukizigawanya safu vizuri, wanaume weupe, wanaume weusi na wanawake weupe wote walipelekwa kwa kiwango kimoja, asilimia 90.6. Waliobaki nyuma ni wanawake weusi peke yao, asilimia 78.8. Wahariri wa jarida walikiri kwamba hawakupaswa kuruhusu uwiano wa odi utumike kwenye muhtasari.

Nasikia mtu akisema kwamba kukuza kidogo si kosa iwapo ubaguzi upo. Sikubali. Karibu wagonjwa kumi na wawili katika mia, wote wanawake weusi, kunyimwa kipimo ambacho wengine walipewa kwa maelezo yaleyale ni dhuluma inayojitosheleza, haihitaji kuongezewa chumvi. Na ile asilimia 40 iliyosambaa iliwaficha wao hasa, ikawachanganya na watu ambao katika utafiti huu hawakuonesha tofauti yoyote.

Baada ya hayo msomaji atauliza, kama alivyouliza mpwa wangu: kwa nini basi wasiitupe odi wakaacha hatari peke yake? Kwa sababu kuna majedwali ambayo hatari haipo ndani yake, hata ukitafuta kwa tochi.

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walitaka kujua kama sigara ina uhusiano na saratani ya mapafu. Kuwafuatilia watu wazima mpaka waugue kungechukua miaka. Wakaanzia mwisho: wakawaendea wagonjwa katika hospitali za London. Wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, na wanaume wengine 649 waliolazwa kwa maradhi mengine. Kila mmoja akaulizwa habari za uvutaji.

| | Saratani ya mapafu | Maradhi mengine |
|---|---|---|
| Wavutaji | 647 | 622 |
| Wasiovuta | 2 | 27 |

Safari hii sikuweka jumla pembeni, kwa makusudi. Jaribu kuziweka: wavutaji 1,269, wasiovuta 29. Ukigawa 647 kwa 1,269 unapata "hatari" ya asilimia 51, kana kwamba nusu ya wavutaji wote wa London wana saratani ya mapafu. Si kweli hata kidogo. Nusu imetokea kwa sababu watafiti wenyewe waliamua kuchukua wagonjwa 649 na wasio wagonjwa 649. Kwa wasiovuta unapata 2 kwa 29, asilimia 6.9, na ukigawa hizo mbili unapata 7.4.

Sasa tuseme wangekuwa na nguvu ya kuwahoji watu wa maradhi mengine mara kumi zaidi, na majibu yakaja kwa uwiano uleule: wavutaji 6,220, wasiovuta 270. Hakuna kilichobadilika kuhusu sigara wala saratani. Lakini "hatari" ya mvutaji sasa ni 647 kwa 6,867, ya asiyevuta ni 2 kwa 272, na uwiano wake unaruka kutoka 7.4 hadi 12.8. Namba inayobadilika kwa sababu mtafiti amehoji watu wengi zaidi haielezi ugonjwa. Inaeleza orodha ya mtafiti.

Zidisha kwa mshazari uone odi inafanyaje. 647 mara 27, gawanya kwa 622 mara 2: unapata 14. Kwa jedwali kubwa, 647 mara 270, gawanya kwa 6,220 mara 2: 14 vilevile. Lile zidisho la kumi limeingia juu na chini, likajifuta. Na mwaka 1951 Jerome Cornfield, mwanatakwimu wa Marekani, alionesha kwamba ugonjwa ukiwa adimu miongoni mwa watu kwa ujumla, kama ulivyo saratani ya mapafu, uwiano huo wa odi unakaribia sana uwiano wa hatari ambao utafiti wa kuwafuatilia watu ungeutoa. Kwa hiyo 14 ile unaweza kuisoma kuwa "karibu mara kumi na nne" bila kumdanganya mtu. Wasiovuta wenye saratani walikuwa wawili tu, kwa hiyo namba hiyo ni ya kukadiria sana. Wangekuwa watatu ingeshuka mpaka tisa hivi. Visanduku vyenye watu wachache lazima viangaliwe kwa macho mawili.

Kuna sababu nyingine inayofanya odi ijae kwenye majarida. Watafiti wakitaka kuondoa athari ya umri, kituo au uzito wa ugonjwa, njia iliyozoeleka kwenye programu za kompyuta hutoa jibu lake kwa odi. Basi huchapisha kilichotoka. Ukikutana nayo, na tukio ni la kawaida, ipo kanuni ya kuikadiria hatari, waliyoieleza Jun Zhang na Kai Yu mwaka 1998:

```
RR = OR / (1 - P0 + P0 × OR)
```

OR ni uwiano wa odi, P0 ni kiwango cha tukio kwa kundi la kulinganishia, RR ni uwiano wa hatari. Tuujaribu kwa wagonjwa wa moyo. P0 ni 0.906, OR ni 0.57. Chini ya mstari kuna 0.094 jumlisha 0.516, yaani 0.61. Gawa 0.57 kwa 0.61, unapata 0.93, ileile tuliyoipata kwenye jedwali. Kanuni hii ni sahihi kabisa kwa jedwali lisilorekebishwa. Kwa odi iliyokwisha kurekebishwa na kompyuta hutoa makadirio tu, na wakati mwingine hupotoka, kwa hiyo ichukue kama dira. Na haifanyi kazi kabisa bila P0. Makala inayokupa uwiano wa odi bila kukuambia tukio lilitokea kwa wangapi katika mia imekunyima ufunguo wa mlango.

Jioni ilikuwa imeingia tulipofika hapo. Mpwa wangu alirudia karatasi yake, akakuta jambo ambalo hakulipigia wino: kando ya 0.75 kulikuwa na mabano, 0.63 hadi 0.90. Nikamwambia hiyo ni mipaka ambayo ukweli unakadiriwa kuwa ndani yake, na kwa uwiano wowote kati ya hizi mbili, alama ya kutazama ni 1, maana 1 ni makundi kuwa sawa. Mipaka ikiimeza 1 ndani yake, huwezi kudai tofauti. Hapa haikuimeza.

Kisha akaniuliza ataandika nini kwenye kazi yake ya darasa. Nilimwambia aanze na visanduku vinne, afuatishe hatari mbili kwa maneno ya "katika mia", kisha aweke uwiano wa hatari, na kama ataitaja odi basi aiite odi. Asiandike "mara" wala "uwezekano" mbele ya namba ya odi. Akaandika sentensi moja, nami sikuibadilisha hata neno: "Katika kila watoto mia waliotibiwa kwa kwinini walikufa karibu kumi na mmoja, na kwa artesuneti walikufa wanane na nusu." Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya artesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali.